Kapu moja, picha mbili: nyeupe au ya matumizi?

"Habari za kazi, kaka. Nauza makapu ya ukindu hapa Mwanza kupitia Jiji na Facebook Marketplace, na dada yangu aliyeko Uingereza anataka kuniuzia Amazon. Kapu lilelile nimelipiga picha mbili: moja usiku sebuleni juu ya shuka jeupe, nyingine kando ya ziwa pale Capri Point. Ya ziwani niliiweka wiki ya kwanza, zikaja meseji 12. Wiki ya pili nikaweka nyeupe, zikaja 7. Ila watu wananiambia nyeupe ndiyo ya kitaalamu. Niamini namba au niamini watu? Na ipi ikae mbele?"
Msomaji, Nyakato

Nzuri, dada. Kwa Jiji na Facebook, mbele weka picha ya matumizi, yaani kapu likiwa mahali linapotumika, lakini isiwe hiyo ya ziwani. Kwa Amazon hakuna kuchagua: picha ya kwanza lazima iwe nyeupe. Ama hizo namba zako, zote mbili ziweke pembeni kwanza. Hukulinganisha picha nyeupe na picha ya matumizi. Umelinganisha taa ya usiku na jua, shuka na ziwa, pembe moja na nyingine, na tangazo jipya na tangazo la wiki ya pili. Zile meseji tano zilizozidi zingeweza kuletwa na lolote kati ya hayo.

Tuanze na hilo la wiki, maana wengi linawapita. Tangazo jipya husukumwa juu, kisha hushuka kadiri mengine yanavyoingia. Picha iliyowekwa wiki ya kwanza inakimbia mteremkoni, ya wiki ya pili inapanda mlima. Ukiongeza kwamba moja ya wiki hizo huenda iliangukia mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, utaona kuwa hata ungeweka picha ileile wiki zote mbili, namba zisingefanana.

Halafu namba zenyewe ni ndogo. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama tofauti ina maana, mradi picha zote mbili zimeonwa na watu karibu sawa. Chukua namba mbili, tafuta tofauti yao, kisha zijumlishe. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo kwenye kikokotoo cha simu, uzidishe mara mbili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko jibu hilo, ihesabu kuwa ni bahati tu. Kwako wewe tofauti ni 5 na jumla ni 19. Kipeuo cha pili cha 19 ni 4.4 hivi, mara mbili ni 8.7. Tano haifiki. Kama picha moja ingeleta meseji 40 na nyingine 20, tofauti ni 20, na kipimo kinatoa 15.5. Hapo ungekuwa na la kusema.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupiga upya jozi ya picha ambazo kitu kimoja tu kinatofautiana kati yake: kile kilicho nyuma na pembeni ya kapu. Zipige asubuhi moja, mahali pamoja, simu ikiwa haijasogezwa.

Mahali pazuri ni baraza lenye kivuli linalotazama anga wazi. Piga kati ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda haraka, na kufikia saa sita liko juu ya kichwa. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba hupita karibu kabisa na utosi. Kapu lenye mdomo wazi likipigwa na jua la namna hiyo, ukingo unang'aa na ndani panakuwa shimo jeusi. Kivulini mwanga unatoka upande mmoja, ni laini, na unaingia hadi chini. Sababu ya pili ya kuwahi ni upepo. Nchi kavu ikishapata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja mjini, na mchana karatasi yako itageuka tanga.

Angalia pia rangi zinazozunguka baraza. Ukuta wa kijani hutia ukijani kwenye kila kitu cheupe kilicho karibu, na ardhi nyekundu iliyopigwa na jua hutia wekundu kwa chini. Hata fulana nyekundu uliyovaa wewe mpigaji inaonekana kwenye karatasi nyeupe ukisimama mita moja. Vaa nyeupe, kijivu au nyeusi. Zima taa zote za ndani, maana taa na anga vina rangi tofauti za mwanga, na simu haiwezi kuvisawazisha vyote kwa pamoja. Hilo ndilo lililoipata picha yako ya sebuleni: taa ya juu imelitia shuka umanjano, simu ikajaribu kuuondoa, na ukindu ukabaki na rangi ya majivu.

Shuka liache. Hata likipigwa pasi, mikunjo itaonekana, na ukijaribu kuifuta kwenye simu unakula na ukingo wa kapu. Kwa kapu lenye mdomo wa sentimita 32 na kimo cha sentimita 45 pamoja na mikono, karatasi moja kubwa ya manila haitoshi. Unganisha mbili kwa gundi ya karatasi upande wa nyuma, na kiungo kikae pale kitakapofichwa na kapu lenyewe. Au nenda kwa wanaochapisha mabango ukanunue mita moja kwa mbili ya lile turubai lao jeupe ambalo halijachapwa, upande usiong'aa. Huo unafutika vumbi na utautumia mwaka mzima. Bandika juu ukutani, uuache ushuke wenyewe na kupinda taratibu hadi mezani bila kukunjwa. Ukiukunja, mstari wa kona utaonekana nyuma ya kapu.

Kapu likae mbali kidogo na ukuta, nusu mita au zaidi. Upande ule usio na mwanga, simamisha ubao mweupe wa povu, ule unaotoka kwenye boksi la televisheni, ili urudishe mwanga kwenye kivuli.

Simu iweke kwenye stendi, au itegemee matofali, kimo sawa na tumbo la kapu, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, na utumie kuza mara mbili. Usisogelee na lenzi ya kawaida. Ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye kapu, sehemu iliyo karibu na simu inavimba na ya nyuma inanywea, kapu linaonekana lina mdomo mkubwa kuliko lilio nao. Mteja akilipokea atakwambia ni dogo, na kwa macho yake atakuwa anasema kweli. Futa lenzi. Kisha bonyeza na ushikilie kidole juu ya kapu, si juu ya karatasi, mpaka simu ifunge umakini na mwangaza. Hapo utaona karatasi yako nyeupe imekuwa ya kijivu. Simu hukadiria mwangaza kana kwamba dunia nzima ina weupe wa wastani, kwa hiyo ikikutana na nyeupe tupu inaipunguza. Sukuma alama ya jua juu taratibu hadi karatasi iwe karibu nyeupe huku mistari ya ukili bado inaonekana. Mistari ikianza kuyeyuka, umepitiliza, na hiyo hairudishwi na programu yoyote.

Sasa shida halisi ya bidhaa yako. Ukindu usiotiwa rangi una rangi ya malai, na umeuweka mbele ya nyeupe. Kando za kapu zitaishia hewani, hasa upande wa mwanga. Wengi hapo huongeza ukali wa picha kwenye simu, na kapu linakuwa kama limechorwa kwa kalamu. Dawa ni kabla ya kupiga. Chukua karatasi mbili nyeusi au vipande vya boksi vilivyopakwa rangi nyeusi, uvisimamishe kulia na kushoto kwa kapu, karibu kadiri iwezekanavyo lakini nje ya picha. Ukindu hurudisha kile unachokitazama. Ukitazamana na nyeusi, ukingo wake unapata mstari mwembamba wa kahawia unaoutenga na nyeupe ya nyuma. Ule ubao mweupe wa povu basi uusogeze mbele kidogo, uangaze tumbo la kapu tu.

Piga picha hiyo. Halafu, bila kusogeza simu, inua kapu, ondoa karatasi nyeusi na turubai, ulirudishe kapu palepale lilipokuwa, uweke nyuma na pembeni vitu vya picha ya matumizi. Ikiwa kapu limekaa mezani kwenye baraza, meza hiyohiyo iwe ya jikoni: mkungu mdogo wa ndizi umelala pembeni, khanga iliyokunjwa, mlango wa jiko nyuma. Rekebisha tena mwangaza juu ya kapu, kwa sababu sasa nyuma pana giza na simu itataka kulipandisha kapu hadi lipauke. Lengo ni kapu liwe na mwangaza uleule katika picha zote mbili. Ziweke pamoja kwenye skrini, kapu lenyewe ulishike mkononi hapo kivulini, ulinganishe. Angalia hasa mistari ya zambarau kama unayo. Kamera nyingi za simu huivuta zambarau kuelekea bluu, na hiyo ni moja ya rangi zinazorudisha wateja na malalamiko. Kabla ya kuamua, zima ile hali ya simu ya kupunguza mwanga wa bluu usiku, maana inapaka skrini nzima umanjano.

Hapo umepata jozi unayoweza kuilinganisha. Lakini jozi haitakuambia ipi ni bora kwa jumla, kwa sababu kila moja ina kazi yake.

Nyeupe inaonyesha ufundi. Hakuna cha kupoteza jicho, kwa hiyo mnunuzi anaona ukili umeshonwa sawasawa au umepinda, mkono umefungwa wapi, kapu limesimama wima au linaegemea. Ndiyo maana nyeupe ni kali kwa bidhaa ya mkono. Kapu lililolala upande kidogo, ambalo mezani kwako hakuna anayelijali, kwenye nyeupe linaonekana limeharibika. Lisimamishe vizuri kwa kulijaza magazeti ndani hadi tumbo lijae, na chini uachie kivuli chepesi. Programu za kuondoa kilicho nyuma huchukua na kivuli, kapu likaelea. Hizohizo hunyofoa nyuzi ndogo za ukindu zinazochomoza ukingoni na kuacha doa la kijivu katikati ya mkono wa kapu, kwenye lile tundu. Kagua matundu ya mikono kabla ya kitu kingine.

Kile ambacho nyeupe haiwezi kusema ni ukubwa. Kapu la sentimita 32 na kikapu cha kuwekea pipi vinafanana kabisa vikiwa peke yao kwenye nyeupe. Vipimo umeviandika, lakini wengi hawasomi, na anayesoma sentimita 32 hapati picha yake kichwani. Picha ya matumizi inajibu hilo bila maneno, ikiwa umechagua kitu ambacho ukubwa wake kila mtu anaujua: chupa ya maji ya lita moja na nusu, mkono wa mtu mzima, au mtu amelitundika begani. Ukitumia mtu, awe wa kimo cha kawaida, na uandike kimo chake. Mtoto akilibeba, kapu linakuwa gunia. Huo ni udanganyifu hata kama hukukusudia, na utaulipia kwenye kurudishiwa mzigo.

Kwa wanunuzi wa hapa kuna jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Picha nyeupe iliyosafishwa sana kwenye Jiji au kwenye makundi ya Facebook inaleta shaka. Mnunuzi wa Mwanza, Geita au Bukoba ameshaona matangazo mengi ya picha zilizochukuliwa mtandaoni na watu wasio na mzigo. Kapu likielea kwenye nyeupe safi, swali lake la kwanza ni "tuma picha halisi". Picha ya barazani, yenye meza yenye mikwaruzo na mlango uliochakaa kidogo, inamwambia kuwa kapu lipo na lina mwenyewe. Pia si rahisi mwingine kuiiba na kuitumia, wakati nyeupe anaichukua kwa sekunde moja. Wanaokuambia nyeupe ndiyo ya kitaalamu wameiona kwenye maduka makubwa ya mtandaoni, ambako mnunuzi analindwa na duka lenyewe na hahitaji kuthibitishiwa kuwa muuzaji ni mtu wa kweli.

Basi kwa nini si ya ziwani? Kwanza, mwanga. Maji na anga vinang'aa kuliko kapu, simu inashusha mwangaza kwa ajili yao, kapu linabaki na giza. Ukipiga jioni jua likizama, ukindu unakuwa wa dhahabu, na mteja atasubiri kapu la dhahabu. Pili, mawe na ziwa vinachukua jicho. Nenda nyuma usome zile meseji 12 moja moja, utenganishe waliouliza bei, waliouliza ukubwa, na waliosifia picha au kuuliza pale ni wapi. Meseji za kundi la mwisho hazilipi. Tatu, kapu la sokoni halina kazi ufukweni. Mandhari ya ziwa ingefaa kama ungekuwa unauza mkeka wa kukalia ufukweni au kofia ya jua. Kwa kapu lako, mtu anayetoka Soko la Kirumba nalo begani, mboga zimechomoza, anasema mengi zaidi kuliko Jiwe la Bismarck. Ukipiga sokoni, omba ruhusa kwa wanaoonekana, na uwahi kabla ya msongamano. Nyuma pakiwa na watu wengi na rangi nyingi, kapu linazama.

Kosa la kawaida la picha za matumizi ni kujaza vitu. Ukiweka ndizi, nanasi, mtungi, khanga na maua, mnunuzi hajui kinachouzwa ni kipi, na utaletewa swali la kama bei ni pamoja na matunda. Vitu viwili vinatosha, na vyote viwe vya rangi iliyotulia kuliko bidhaa. Kapu lijaze angalau nusu ya picha. Kuhakikisha, punguza picha kwenye skrini hadi iwe na upana wa sentimita mbili na nusu hivi, kiasi cha kijipicha ambacho mnunuzi anakiona akiteleza na kidole, ushike simu umbali wa mkono mzima. Kama mtu wa pembeni hawezi kutaja kinachouzwa kwa kuangalia mara moja, picha hiyo haifai kukaa mbele, hata iwe nzuri namna gani. Kagua pia vijipicha vya mraba, kwa sababu programu hukata juu na chini, na mikono ya kapu ndiyo ya kwanza kupotea. Acha nafasi ya kutosha juu yake.

Sasa jaribio lenyewe. Usiweke matangazo mawili ya kapu moja kwa wakati mmoja. Majukwaa huyaona kama marudio na yanaweza kuyaondoa, na wewe mwenyewe utagawanya wanunuzi wako. Weka tangazo moja lenye picha zote, na ubadilishe moja tu: ipi ni ya kwanza. Bei, kichwa cha habari, maelezo na mpangilio wa zilizobaki visiguswe hadi jaribio liishe. Kama unalipia kupandisha tangazo, ama lipia muda wote au usilipie kabisa.

Subiri wiki ya kwanza ipite, ule msukumo wa tangazo jipya uishe. Kisha siku mbili weka nyeupe mbele, siku mbili ya matumizi, siku mbili nyingine ya matumizi tena, na siku mbili nyeupe. Mpangilio huo wa kurudi nyuma una sababu. Tangazo linaposhuka taratibu, nyeupe inapata mwanzo mzuri na mwisho mbaya, ya matumizi inapata katikati, na hasara zinalingana. Ukifanya nyeupe, matumizi, nyeupe, matumizi, ya pili daima inachelewa siku mbili. Mzunguko mmoja ni siku 8, si 7, kwa hiyo kila unaporudia siku za wiki zinasogea, na Jumamosi haiiangukii picha moja tu. Rudia mara nne, jumla siku 32, na mwisho wa mwezi utakuwa umo ndani. Unapobadilisha picha, tangazo linaweza kukaguliwa upya kabla ya kuonekana. Badilisha usiku, ili saa hizo zisile mchana wa picha moja.

Kwenye daftari andika kila kipande cha siku mbili: walioliona tangazo likipita kama programu inaonyesha, waliolifungua, waliotuma meseji au kupiga, na walionunua. Picha ya kwanza inawajibika kwa hatua moja tu, ile ya kufungua. Kilichotokea baada ya hapo ni kazi ya picha za ndani, bei na majibu yako. Kwa hiyo kama ya matumizi imefunguliwa zaidi lakini meseji ziko sawa, usiseme imeshindwa. Imefanya kazi yake, na tatizo liko ndani ya tangazo. Weka pia alama kwenye kila meseji inayouliza ukubwa. Maswali hayo yakiendelea kuja, picha yako ya vipimo haionekani au haieleweki, hata kama ya mbele ni nzuri.

Tuchukue mfano wa daftari lililojaa. Nyeupe imeonwa mara 900 na kufunguliwa na watu 41, ya matumizi imeonwa mara 920 na kufunguliwa na 70. Tofauti ni 29, jumla 111, kipeuo chake cha pili ni 10.5, mara mbili 21. Imepita, ya matumizi ikae mbele. Meseji zikiwa 6 kwa 9, tofauti ya 3 dhidi ya kipimo cha 7.7, usizitumie kuamua chochote. Kwa mauzo ni vivyo hivyo: kapu mbili dhidi ya nne hazisemi kitu. Muuzaji mdogo karibu kila mara ataweza kuamua kwa kufunguliwa tu, na hilo linatosha, kwa kuwa ndilo picha ya mbele inaloliathiri moja kwa moja. Na zikikaribiana hata baada ya siku 32, basi kwa wateja wako picha hizo mbili hazina tofauti kubwa. Weka ya matumizi na uende kwenye mengine.

Kwa Jiji na Facebook ningepanga hivi: ya matumizi ya barazani mbele, nyeupe ya pili ili anayevutiwa akague ufundi, kisha mtu amelibeba na kimo chake kimeandikwa kwenye maelezo, kisha ndani ya kapu na mshono wa kitako kwa karibu, na mwisho kapu na tepu ya fundi cherehani imevutwa mdomoni, namba zikisomeka.

Kwa dada yako wa Uingereza, sheria za Amazon kwa picha ya kwanza ni kali. Kilicho nyuma kiwe nyeupe kamili, ile ambayo namba zake za nyekundu, kijani na bluu kwenye programu ya picha zote zimefika mwisho, yaani 255, 255, 255, na si karibu nyeupe. Bidhaa ijaze asilimia 85 ya picha. Pasiwepo maandishi, nembo, wala kitu chochote kisichouzwa pamoja na kapu, kwa hiyo ndizi na khanga hazimo. Upande mrefu uwe na pikseli 1,000 au zaidi, vinginevyo mnunuzi hawezi kukuza kuona ukili. Ukitengeneza mraba wa pikseli 2,000, kapu na mikono yake vichukue kama 1,700. Karatasi yako ya barazani, hata ukiipiga vizuri, kwa kawaida inaishia chini kidogo ya 255, hasa kwenye pembe, na macho hayaoni tofauti. Ili kuiona, ifungue picha kwenye programu ya kuhariri, sukuma utofautishaji hadi mwisho na ushushe mwangaza: sehemu zisizo nyeupe kamili na uchafu vitajitokeza kama madoa. Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha yapaushe madoa hayo tu kwa brashi, ukikaa mbali na ukingo wa kapu.

Picha za matumizi huko zinaingia kuanzia ya pili, na hapo mambo yanageuka kidogo. Mnunuzi wa Uingereza hana haja ya kuthibitishiwa kuwa upo, ila hajui kapu la ukindu linatumika wapi nyumbani kwake. Jiko la barazani Nyakato halimsaidii sana. Mwombe dada yako apige hukohuko kwake: kapu chini kando ya kochi likiwa na blanketi, au begani dukani, kwa mwanga wa dirishani na kwa masharti yaleyale ya umbali na kuza mara mbili. Mpelekee kapu moja la kupigia picha, na liwe la wastani kati ya utakayomtumia, lisiwe lile zuri kupita yote. Makapu ya mkono hayafanani, na kwenye maelezo aandike kuwa vipimo vinaweza kutofautiana kwa sentimita mbili hivi. Pima kumi kabla hujampa namba hiyo. Yakipishana zaidi, aandike tofauti uliyoipata kwenye tepu.